NANI ALIYEPANGA MAFUNGU?
Juu ya Hesabu ya Maoni ya Watumishi Iliyopelekwa Kamatini



Kamati ya Utumishi ya idara moja, ambayo hatutaitaja jina, ililetewa taarifa ya kurasa mbili juu ya maoni ya watumishi. Kamati iliisoma kwa muda usiozidi robo saa, ikaona kwamba jambo la kwanza linalowasumbua watumishi ni majengo na vifaa, ikapitisha fedha za viti, feni na rangi ya kuta. Sisi hatuvidharau viti. Aliyekwisha kuketi mwaka mzima juu ya kiti cha miguu mitatu hana haja ya kufundishwa thamani ya mguu wa nne. Lakini twasema wazi kwamba Kamati ilipotezwa njia, na ya kwamba jambo lililokuwa la kwanza katika karatasi za watumishi lilifika mezani likiwa limekatwa vipande vitano, kila kipande kikiwa chini ya viti.

Wala hatusemi kwamba karani aliyeandika taarifa alidanganya. Tumezipitia karatasi zote, moja moja, na tumeona kwamba kila tarakimu aliyoiandika ni sahihi kwa namna aliyohesabu. Hilo ndilo linalotutia hofu. Uwongo hukamatwa, hesabu sahihi iliyopangwa vibaya hupita mlangoni ikiamkiwa.

Kwanza tueleze lililotokea. Watumishi walipewa karatasi yenye maswali ya kutia alama, na mwishoni swali moja la kuandika kwa maneno yao wenyewe: ni jambo gani likibadilishwa lingeifanya kazi yako iwe bora? Karatasi zilizorudi zilikuwa 340. Walioandika neno lolote katika swali hilo walikuwa 212, na katika hao 15 waliandika tu "hakuna", "sina", au "asanteni". Basi wenye maoni hasa ni watu 197. Chama chetu kiliomba kuonyeshwa maoni hayo, yakiwa na namba pasipo majina, na baada ya barua tatu tukaruhusiwa kuyasoma katika chumba cha masjala, mlango ukiwa wazi.

Taarifa ilisema kwamba maoni ni 311, ikayapanga hivi: majengo na vifaa 58, mawasiliano na viongozi 49, mafunzo 37, upandishwaji vyeo 31, mishahara 29, posho 27, uhamisho 24, na mwisho mengineyo 56. Msomaji aangalie kwamba 311 ni zaidi ya 197. Imekuwaje maoni yakawa mengi kuliko watu? Jibu ni kwamba karani alihesabu hoja, hakuhesabu watu.

Chukueni karatasi namba 47. Mwenzetu huyu aliandika: "Viti vimevunjika, feni haifanyi kazi, printa haina wino, choo cha chini hakina maji, mapazia hakuna." Karani akaandika tano chini ya majengo na vifaa. Chukueni na karatasi namba 112: "Nakaimu mwaka wa tatu, sijaona hata senti ya kukaimu." Karani akaandika moja. Kwa hesabu hiyo mtu mwenye orodha ana kura tano, na mtu mwenye msiba mmoja ana kura moja. Tulipohesabu upya, tukimwandika kila mtu mara moja tu katika fungu hata akitaja vitu kumi vya fungu hilo, zile hoja 58 za majengo na vifaa zikawa ni za watu 33. Mawasiliano yakashuka kutoka 49 hadi watu 41. Mafunzo hayakushuka ila kidogo, kutoka 37 hadi watu 36, maana mtu aombaye mafunzo huomba mafunzo akanyamaza. Ndipo mtakapoona kwamba kosa hili haliyagusi mafungu yote sawasawa. Huyavimbisha yale ambayo tabia yake ni kuorodheshwa, na vifaa ndivyo vinavyoorodheshwa kuliko kitu chochote ofisini.

Hatusemi kwamba hesabu ya hoja haina kazi. Mtunza stoo yampasa kuijua, apate kununua viti na mapazia. Lakini daraja la jambo mbele ya Kamati hupangwa kwa idadi ya watu wanaoliona, na taarifa isiyosema imehesabu kipi kati ya hivyo viwili irudishwe kwa mwandishi wake kabla haijasomwa.

Sasa tuje kwenye kosa lililo kubwa zaidi, nalo ni mafungu yenyewe. Someni maneno haya, ambayo tumeyanakili kama yalivyo. Mmoja aliandika, "Nilipandishwa daraja mwaka juzi, mshahara ni ule ule wa zamani." Akatiwa katika mishahara. Wa pili, "Tunapanda vyeo kwa barua tu, fedha hazionekani." Akatiwa katika upandishwaji vyeo. Wa tatu, "Posho ya kukaimu tumeshaisahau." Huyu katika posho. Wa nne, "Nilihamishwa nikajilipia gari la mizigo, mpaka leo sijarudishiwa." Akaenda uhamisho. Wa tano, aliyechoka kuliko wote, aliandika tu, "Naomba madai yetu yashughulikiwe," na kwa kuwa hakutaja mshahara wala posho wala cheo, akatupwa katika mengineyo.

Watu watano, mafungu matano. Lakini ulizeni, kila mmoja wao ataponywa na nini? Wote wataponywa na kitu kimoja: kwamba daftari la madai lifunguliwe, kila dai lihakikiwe, lipitishwe, lilipwe. Meza ni moja, mhasibu ni mmoja, na sahihi inayongojwa ni moja. Wala hawaombi nyongeza. Wanaomba kilichokwisha kuwa chao. Kati ya wale wa mishahara walikuwapo watu 7 waliosema mshahara ni mdogo na uongezwe. Hilo ni jambo jingine kabisa, maana haliwezi kuamuliwa na Kamati hiyo hata ikikesha. Hata hivyo hao 7 waliwekwa chungu kimoja na watu 22 ambao wanadai mshahara uliokwisha kuidhinishwa kwa barua yenye muhuri.

Kosa hili lilitoka wapi? Tulimwuliza karani kwa upole, naye akatueleza bila kuficha. Aliyaingiza maoni katika jedwali la kompyuta, akawa anatafuta maneno: mahali penye "mshahara" ni mishahara, penye "posho" ni posho, na kadhalika. Ni njia ya haraka, na kwa mtu aliyepewa siku mbili hatumlaumu sana. Lakini lugha yetu haipendi kutafutwa hivyo. Ukiiambia kompyuta ikutafutie "malipo", itampita yule aliyeandika "sijalipwa", na "hatulipwi", na "walipeni wenzetu". Ukiona hayo ukafupisha, ukatafuta herufi "lip" peke yake, itakuletea "nilipoajiriwa", "tulipohamia jengo jipya", na "sijui ni jambo lipi nianze nalo". Mzizi wa neno letu umefichwa katikati ya viambishi, na herufi zake huonekana mahali pasipo na maana yake. Kisha kuna ukanusho: mmoja aliandika "kwetu hakuna shida ya vifaa, shida ni madai", naye akahesabiwa kuwa analalamikia vifaa. Kutafuta maneno kwafaa kwa kurudia kazi, yaani ukimaliza kusoma utafute kama kuna karatasi uliyoipita. Hakufai kuwa ndiko kusoma kwenyewe.

Basi tulifanya namna nyingine. Tulisoma karatasi 60 za kwanza pasipo fungu lolote mkononi, tukiandika pembeni kila mmoja anataka nini kitendeke. Kutokana na hayo tukaandika mafungu, na kwa kila fungu sentensi mbili: lipi laingia, na lipi haliingii. Fungu tuliloliita "haki za fedha zilizocheleweshwa" tuliliandikia hivi: laingia kila dai la fedha ambayo mtumishi amekwisha kuistahili kwa kazi, cheo au uhamisho uliokwisha kutokea, haliingii ombi la kuongezwa mshahara au kuanzishiwa posho mpya. Kisha tukarudi mwanzo tukasoma zote 197, pamoja na zile 60.

Tulipomaliza, fungu hilo lilikuwa limekusanya hoja 84: kutoka upandishwaji vyeo 19, kutoka mishahara 22, kutoka posho 17, kutoka uhamisho 14, na kutoka mengineyo 12. Watu 13 walikuwa wametaja madai ya namna mbili, kwa hiyo walioandika ni watu 71. Daraja basi ni hili: haki za fedha zilizocheleweshwa, watu 71, mawasiliano na viongozi, 41, mafunzo, 36, majengo na vifaa, 33. Lililokuwa la kwanza limekuwa la nne, na lililokuwa limetawanywa chini lote limekuwa la kwanza, tena kwa mbali. Karatasi hazikubadilika hata moja.

Twajua watakalosema wakubwa, maana wamekwisha kulisema. "Ninyi nanyi mmeunganisha mpendavyo. Yeye alikata, ninyi mmeshona. Tofauti ni nini?" Ni swali la haki na tutalijibu. Kweli, mwenye kupanga mafungu ndiye mwenye kupanga daraja. Kata fungu lolote vipande vya kutosha, litazama. Unganisha mawili yoyote, yataelea. Ndiyo sababu twadai mambo mawili. La kwanza, kanuni ya kuunganisha iandikwe kabla ya kuhesabu na iwe moja kwa mafungu yote. Kanuni yetu ni dawa: malalamiko yanayoponywa na tendo moja la ofisi moja ni fungu moja. Kwa kanuni hiyo hiyo viti, feni na mapazia vilibaki pamoja, ijapokuwa kuvitenganisha kungetufaa sisi. La pili, chini ya kila fungu kubwa vipande vyake vionyeshwe, ili asiyependa mshono wetu aweze kuufumua.

Nasi twaufumua hapa mbele yenu. Katika zile hoja 84, za posho ya kukaimu ni za watu 34, za mshahara usiorekebishwa baada ya kupanda daraja ni watu 27, na za gharama za uhamisho ni watu 23. Asiyekubali fungu letu basi atapata kukaimu peke yake katika daraja la tatu, nyuma ya mawasiliano na mafunzo, na mbele ya vifaa kwa mtu mmoja. Na hapo twaongeza neno ambalo halitusaidii: tofauti ya mtu mmoja si daraja. Kati ya 36, 34 na 33 hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Karatasi mbili zikipotea njiani mpango unageuka. Mafungu ya namna hiyo yaandikwe kuwa yako sawa, na Kamati isipewe namba 2, 3, 4 kana kwamba ni washindi wa mbio. Lakini 71 dhidi ya 41 haigeuzwi na karatasi moja, wala na kumi. Kipimo chetu ni chepesi, na karani yeyote aweza kukitumia: pigeni hesabu mara mbili, mara moja kwa mafungu yaliyounganishwa na mara moja kwa yaliyokatwa. Fungu likiruka zaidi ya nafasi moja kati ya hesabu hizo mbili, Kamati iambiwe kwamba daraja lake latokana na mkono wa mpangaji.

Lipo na swali la msomaji. Mtu mmoja akisoma karatasi 197, nani ajuaye kama karatasi ya 150 aliipima kwa mizani ile ile aliyopimia ya 10? Ndiyo sababu tuliwaweka wasomaji wawili, kila mmoja katika chumba chake, tukawapa karatasi 50 zile zile, waseme kila moja imo au haimo katika haki za fedha. Walipatana katika 43. Msifurahi upesi. Watu wawili wanaojibu ndiyo na siyo wakiwa wamefumba macho watapatana mara nyingi kwa bahati tu. Na kwa jinsi wasomaji wetu walivyogawa ndiyo zao na siyo zao, bahati peke yake ingewapatanisha katika karatasi kama 27. Basi zilizobaki kwa kuonyesha akili ni kama 23, na kati ya hizo walipatana 16. Ni sehemu 70 katika 100. Njia hii ya kuondoa bahati iliandikwa na mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Jacob Cohen, mwaka 1960, na watu wa kazi hii huita kipimo hicho kapa. Sabini si mbaya, lakini kwa jambo ambalo fedha za watu zalingojea hatukuridhika nayo.

Tukawakalisha pamoja juu ya zile karatasi 7 walizogombana. Nyingi zilikuwa za namna moja: "Maslahi yaangaliwe," au "Mshahara uangaliwe upya." Je, huyu anadai kilicho chake au anaomba nyongeza? Haijulikani. Tukaongeza sentensi katika maelezo ya fungu: asiyetaja jambo lililokwisha kutokea, kama kukaimu, kupanda au kuhama, wala dai, asiingizwe. Tulijipunguzia wenyewe kwa sentensi hiyo. Tukawapa karatasi nyingine 50. Wakapatana katika 48, na kapa ikapanda hadi 91 katika 100. Ndipo tuliporudi kusoma zote tena kwa kanuni hiyo, na ile 71 tuliyowapa hapo juu ni hesabu ya usomaji huo wa mwisho.

Tuseme sasa juu ya maneno ya mfano, kwa sababu Kamati husahau tarakimu lakini hukumbuka sentensi. Chini ya mishahara, taarifa ilichagua maneno haya: "Tunadhulumiwa mchana kweupe na watu wanaokula jasho letu." Ni sentensi yenye nguvu, tena mwandishi wake ana ulimi. Ila haifanani na karatasi nyingine yoyote katika zile 71. Wenzetu waliandika kwa upole, wakitaja mwezi, barua na kiasi. Tulipata kusikia kwamba mjumbe mmoja aliposoma sentensi ile alicheka akasema, "Huyo ni mwenye kinyongo," na fungu zima likafungwa kwa kicheko hicho. Aliyechagua maneno yale labda alidhani anawatetea watumishi. Aliwaponza.

Maneno ya mfano yachaguliwe baada ya hesabu, wala si kabla, na yatoke katika kipande kilicho kikubwa ndani ya fungu. Yatafutwe yaliyo ya urefu wa kawaida, yanayosema jambo lile peke yake, ambayo mwenzake akiyasoma atasema, "Hata mimi ningeliandika hivi." Kwa haki za fedha tulichagua ile karatasi namba 112, ya kukaimu mwaka wa tatu, kwa sababu ya watu 34 wa kukaimu wengi waliandika hivyo hivyo: muda, kisha neno "sijalipwa" au mfano wake. Tukaongeza moja inayokwenda kinyume, "Mimi nililipwa baada ya miezi minne, nashukuru, lakini ilibidi nifuatilie mwenyewe mara sita," ili Kamati ijue kwamba njia ipo na imeziba wapi. Maneno yasisafishwe wala kuandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mwenyewe. Penye kukatwa ziwekwe nukta tatu.

Lakini kuna sentensi isiyofaa kuchapwa hata ikiwa ni mfano bora kuliko zote. Tuliikuta karatasi iliyoanza, "Mimi niliye dereva pekee wa kituo hiki." Jina halimo, na jina limo. Maneno kama hayo yaondolewe au mfano mwingine utafutwe. Kadhalika hesabu za vituo: desturi ya wafanyao kazi hii ni kutokuonyesha kikundi chenye watu chini ya 5, na wengine hupandisha kiasi hicho hadi 10, maana kusema "katika kituo fulani, watu 2 kati ya 2" ni sawa na kuwaita kwa majina.

Linabaki lile chungu la mengineyo. Hoja 56 katika 311 ni karibu moja ya tano, na chungu likifikia kiasi hicho ni dalili kwamba mafungu yalikatwa kabla karatasi hazijasomwa. Tulilimwaga mezani. Kumi na mbili tumekwisha kusema zilikokwenda. Tisa zilikuwa za usafiri wa wanaotoka zamu ya usiku, jambo ambalo mpangaji hakulifikiri, labda kwa kuwa yeye hutoka saa tisa na nusu. Thelathini na moja ni za kutawanyika kweli, kila moja na lake. Na nne zilizobaki, tulipozisoma, hatukusema neno kwa muda.

Zile nne zilisema kwamba mkubwa fulani hudai kisichosemeka ili atie sahihi likizo na safari za kazi. Hatutaandika zaidi. Katika orodha iliyopangwa kwa wingi wa watu, hizo ni nne katika 197, zingekuwa chini ya mapazia. Hapa ndipo hesabu yetu inapokoma, na tunakiri hivyo ingawa tumeisifu kurasa hizi zote. Wingi waonyesha jambo limeenea kiasi gani. Hauonyeshi uzito wake. Malalamiko ya namna hiyo hayaingizwi katika daraja lolote, wala maneno yake hayawi mfano. Hutolewa siku ile ile msomaji anapoyaona, yakapelekwa kwa afisa anayehusika na mashtaka ya namna hiyo, kwa njia ya siri na isiyopita kwa anayetajwa. Zile nne zilikaa wiki saba ndani ya mengineyo. Tumezitoa, na wanachama wasituulize ni za kituo gani.

Neno moja la tahadhari kwa wasemaji wetu. Msiende huku na huko mkisema kwamba watumishi 36 katika kila 100 wanadai fedha zao. Hao ni 71 katika watu 197 walioandika maoni. Katika waliorudisha karatasi 340, ni 21 katika kila 100, na hao wengine hatujui wanadai au hawadai, maana hawakuulizwa hivyo; waliachiwa nafasi tupu nao wakaiacha tupu. Hesabu ya maoni ya wazi yaonyesha lililomjia mtu kwanza alipoulizwa. Idadi ya wanaodai itajulikana kwa daftari la madai peke yake, na ndiyo sababu twataka lifunguliwe.

Tumeiandikia Kamati kuomba mambo matatu: kwamba taarifa ile ifutwe katika kumbukumbu na nyingine iwekwe, yenye hesabu ya watu, vipande vya kila fungu, na maelezo ya lipi liliingia na lipi halikuingia, kwamba siku nyingine wasomaji wawe wawili, mmoja wao akitoka katika chama hiki, na kwamba mhasibu aagizwe kuleta orodha ya madai ya kukaimu yaliyopokelewa na yasiyojibiwa. Fedha za viti zimekwisha kupitishwa, na hatuombi zirudishwe. Viti vije.

Jedwali letu lote, pamoja na maelezo ya mafungu, limewekwa kwa katibu, isipokuwa zile karatasi nne. Mjumbe yeyote wa Kamati anayeona tumekosea na achukue karatasi 50 azitakazo, azisome peke yake, kisha alete majibu yake tuyalinganishe na yetu.